Pointi 462 zilizokwama: kisa cha banda la gemu Malindi na kadi ya duka

Mwezi wa Septemba kijana mmoja mwenye banda la gemu hapa Malindi alinijia na simu mkononi. Duka la Mombasa analonunulia diski lilikuwa limemtumia ujumbe: "Hongera! Mwaka huu umeokoa Sh 5,620." Akanisomea mara mbili, kisha akauliza, "Ami, hizi pesa n'lizookoa ziko wapi? Maana mimi sizioni."

Mimi huwafanyia hesabu wafanyabiashara wadogo wa mjini, na swali lake lilinikaa. Tulikaa jioni mbili na daftari lake, taarifa ya M-Pesa ya miezi 12 na risiti za duka. Ninaandika kwa ridhaa yake. Jina lake, mtaa na duka nimeviacha, na bei nimezikaribisha kwenye mamia.

Banda lenyewe

Ni chumba kimoja chenye feni moja, skrini mbili na mashine mbili za gemu za PS4. Mechi moja ya mpira ni shilingi 20, anayefungwa anampisha mwingine. Wateja ni vijana wanaotoka shule na madrasa, na Jumamosi mlango hauingiliki. Mpira ndio unaolipa kodi. Gemu nyingine, za ngumi, za magari, GTA, zipo ili aliyefungwa mara tatu asiondoke.

Kwa hiyo mahitaji yake kwa mwaka yanajulikana. Mwisho wa Septemba hutoka toleo jipya la EA Sports FC, naye hana budi kuwa nalo kwenye skrini zote mbili, la sivyo vijana watahamia banda la jirani. Zaidi ya hapo hununua diski nne au tano zilizotumika, na zile zilizochosha watu huziondoa.

Kadi ilivyoahidi

Duka lina kadi ya bure. Kwa kila shilingi 100 unazolipa unapata pointi 3, na pointi moja ni shilingi moja. Pointi hutumika kwa mafungu ya 500, na kila pointi hufa ikitimiza miezi 12.

Ukilipa shilingi 1,500 kwa mwaka unakuwa mwanachama kamili. Pointi zinakuwa 6 badala ya 3, na diski ukizipeleka dukani unaongezewa asilimia 10 juu ya thamani wanayokupa. Thamani yenyewe ina bei mbili. Ukitaka taslimu unapewa kidogo. Ukikubali salio la duka, yaani pesa za kununulia kwao tu, unapewa zaidi.

Mpango huu haukuzuliwa Mombasa. Maduka ya CeX ya Uingereza hutangaza bei mbili kwa kila kitu wanachonunua, ya taslimu na ya vocha. Maduka ya gemu ya GameStop ya Marekani huuza uanachama wa mwaka unaoongeza thamani ya diski unazorudisha, na mwaka 2023 walipandisha ada yake kutoka dola 15 hadi 25. Duka la Mombasa limeiga umbo hilo na kuliweka kwenye shilingi.

Kijana alilipa 1,500 Oktoba 2024. Sababu yake ilikuwa ya maana: alikuwa karibu kununua diski mbili mpya kwa mpigo, na pointi 6 kwa kila mia zilionekana kama punguzo la bure.

Oktoba: diski mbili mpya

FC 25, toleo jipya la mpira la mwaka huo, dukani ilikuwa 8,500, kwa hiyo mbili ni 17,000. Alipeleka diski zake mbili za FC 24. Duka lilizipa thamani ya salio 1,200 kila moja, na nyongeza ya mwanachama ikafikisha 1,320. Jumla ya salio 2,640. Akalipa kwa M-Pesa 14,360 zilizobaki.

Hapa kuna jambo alilokuwa hajaliona mpaka tulipoifungua risiti. Pointi zilihesabiwa kwenye pesa alizolipa tu, wala si kwenye 17,000. Sehemu ya salio haizai. Akapata pointi 858.

Siku hizohizo muuzaji mwingine wa Mombasa, asiye na kadi wala pointi, alikuwa akiuza diski hiyohiyo mpya kwa 7,900. Ujumbe wake ulikuwa bado kwenye simu ya kijana. Tukaiandika Oktoba upya kwa njia tatu, tukiuliza swali moja tu: ni pesa ngapi zingetoka mfukoni?

Njia aliyoifuata: 14,360, juu yake 1,500 za uanachama.

Njia ya pili: angechukua taslimu kwa diski za zamani, 900 kila moja, bei ambayo yeye mwenyewe aliiita ya dharau. Kisha angenunua mpya kwa yule wa 7,900. Zingetoka 14,000.

Njia ya tatu: angeuza FC 24 zake kwa watu wa hapahapa kupitia kundi lao la WhatsApp, ambako wiki hiyo zilikuwa zikienda kwa 1,500, na kununua mpya kwa yule wa bei nafuu. Zingetoka 12,800, na asingelipa shilingi 300 za kutuma diski za zamani kwa matatu.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kwa hiyo hata ile bei ya dharau ilikuwa bora?" Naam, ilikuwa bora kwa 360 kabla ya pointi. Zile pointi 858 zingegeuza matokeo kama angezitumia kwa kitu alichokuwa atakinunua kwa vyovyote. Tutaona zilikoishia.

Kwenye jambo moja alifanya vizuri, na nalisema kwa sababu wengi wangemlaumu. Kanuni ya wauza diski ni kuondoa gemu ya mpira mwezi wa Agosti, kabla toleo jipya halijatangazwa kila mahali. Agosti FC 24 yake moja ingepata salio la 2,500 badala ya 1,200. Lakini diski ya banda si ya kabatini. Skrini moja ikikosa mpira, yeye hukadiria kwamba mapato yake yanashuka kwa shilingi 300 hivi kwa siku. Wiki moja tu ingeila faida yote ya kuuza mapema. Kanuni ile ni ya mtu anayecheza nyumbani.

Desemba na Februari

Desemba alinunua gemu ya ngumi, 3,000, pointi 180. Nilitafuta bei ya kulinganisha kwenye kundi lao nikakosa. Mwezi ule hakuna aliyekuwa akiiuza, kwa hiyo ununuzi huu sikuuhesabu popote.

Februari alinunua GTA V iliyotumika kwa 2,500, wakati kwenye kundi ilikuwa 2,200. Diski ilipofika na kuwekwa kwenye mashine, usakinishaji ulisimama njiani, akajaribu tena ukasimama palepale. Akapiga simu. Duka hutoa siku 7 za kubadilisha diski zilizotumika, na walibadilisha bila maneno, nauli ya kifurushi wakalipa wao. Kwenye kundi la WhatsApp diski kama ile ingekuwa pesa imezama baharini. Hii ndiyo faida kubwa kuliko zote alizozipata mwaka mzima, na haikutokana na kadi. Mteja asiye na kadi hupewa siku 7 hizohizo.

Aprili: diski iliyokataliwa

Aprili alituma diski tatu ili apate salio la kununulia mbili. Duka lilikubali mbili, 1,000 na 800, pamoja na nyongeza 1,980. Ya tatu, ya ngumi, ilirudi kwenye kifurushi na kijikaratasi: haisomeki.

Alikasirika. Diski ile ilikuwa ikichezwa bandani mpaka usiku wa kuamkia siku aliyoituma. Aliona wazi kwamba ameonewa, na alikuwa tayari kuyaandika hayo hadharani. Nilimwomba kwanza tuijaribu mbele yangu, lakini si kwa kuicheza. Afute gemu yote kwenye mashine, kisha aisakinishe upya kutoka kwenye diski.

Ilifika chini ya nusu ikakwama.

Sababu ni hii. PS4 ikishasakinisha gemu, data inakaa kwenye diski kuu ya ndani ya mashine. Baada ya hapo ile diski ya plastiki inahitajika zaidi kuthibitisha kwamba unayo. Kwa hiyo inaweza kuchubuka miezi sita, ikichezwa kila siku, bila mtu kugundua. Anayegundua ni atakayeisakinisha upya, na duka hufanya hivyo kabla ya kukubali.

Akaniuliza kama anaweza kuipeleka kwa fundi wa kusugua CD. Nikamwambia asipoteze pesa. Kwenye DVD tabaka la data limelala katikati ya plastiki, kama milimita 0.6 kutoka upande unaosomwa, ndiyo maana unaweza kuparuza kidogo juu na kuondoa mkwaruzo. Diski za PS4 ni za Blu-ray, na data yake iko milimita 0.1 tu chini ya uso, juu yake pana utando mgumu wa kuikinga. Ukiusugua utando ule unajiondolea kinga yenyewe. Alama za vidole na vumbi la chumvi hutoka kwa kitambaa laini, ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni. Mkwaruzo unaoshika ukucha hautoki.

Chanzo tulikiona bandani. Diski zilikuwa zikipangwa moja juu ya nyingine bila kasha, kwenye meza inayoingia mchanga mlango ukifunguliwa. Diski ile ilikuwa imekufa kwa sababu ya kasha la plastiki lililotupwa.

Zile mbili alizonunua Aprili zilikuwa 2,800 na 2,400. Kwenye kundi zingekuwa 2,400 na 2,000. Na zile alizopeleka kwa 1,980 zingeuzika hapa kwa kama 2,400, ingawa kuuza kwa mtu mmojammoja kunataka subira: huyu anaahidi kuja magharibi haji, yule anataka kulipa nusu.

Julai: gemu ya kuokoa pointi

Julai duka lilimtumia ujumbe kwamba pointi 858 za Oktoba zinakaribia kuisha muda. Wakati huo alikuwa na 1,380 kwa jumla. Banda halikuhitaji gemu. Lakini kuacha pointi zife kulimuuma kama kumwaga mchele, akachagua gemu ya mbio za magari ya 3,000, akatumia pointi 1,000 na kulipa 2,000, na kifurushi 300.

Vijana waliipenda wiki mbili. Nilipouliza iliingiza kiasi gani, alinijibu vizuri kuliko nilivyouliza: waliocheza magari ni walewale ambao wangecheza mpira kwenye skrini ileile, kwa hiyo haikuongeza kitu. Septemba aliiuza kwa mtu wa Watamu kwa 1,600. Alitoa 2,300 ili atumie pointi 1,000, akarudishiwa 1,600. Huo ndio mwisho wa pointi 858 za Oktoba.

Hesabu ya mwaka

Kwanza ile 5,620 ya kwenye ujumbe. Ilitoka wapi? Salio la Oktoba 2,640, salio la Aprili 1,980, pointi 1,000. Yaani 4,620 kati yake ni thamani ya diski zake mwenyewe. Alizinunua kwa pesa zake, akawapa duka, duka likazipangia bei, kisha likamwandikia kwamba ameokoa. Ni kama muuza samaki akupe mchele kwa samaki wako, halafu akupongeze kwa punguzo.

Halafu hesabu yetu. Bei ya duka kuzidi bei za kwingine, kwa Oktoba, Februari na Aprili, ilikula 2,300. Uanachama 1,500. Vifurushi ambavyo visingehitajika 1,200. Tofauti kati ya salio na bei ambayo angeuza kwa watu ni 780, na hapo ile nyongeza ya asilimia 10 nimeshaiingiza. Gemu ya magari 700. Jumla 6,480. Natoa 2,200 za ile GTA iliyobadilishwa, kwa kuwa ni haki ya duka. Zinabaki 4,280 ambazo zilitoka na hazikuwa na haja ya kutoka.

Hesabu hii ina udhaifu wake. Bei za kundini ni zile wauzaji walizotaja, si zote zilizolipwa, na muda wake wa kukimbizana na wanunuzi sikuutia bei. Anayeona jioni zake ni ghali anaweza kupunguza elfu moja au zaidi. Hata hivyo haifiki kuwa akiba.

Kilichomponza

Kosa kubwa halikuwa kupenda pointi. Ni kuzilinganisha na sifuri. Alipoona pointi 858, alijiuliza "ningepata wapi nyingine?" badala ya "bei hii ingekuwa ngapi kwa asiye na pointi?" Tofauti ya bei Oktoba ilikuwa 1,200 kwa diski mbili. Duka lilichukua 1,200 leo na kurudisha ahadi ya 858 baadaye, kwa mafungu ya 500, ndani ya miezi 12.

Uanachama nao tuliupima peke yake, kwa sababu kadi ya bure ingebaki hata asingelipa kitu. Nyongeza ya asilimia 10 ilimpa 420 mwaka mzima. Bila uanachama angekuwa na pointi 690 na angetumia 500. Akiwa nao alitumia 1,000. Kwa hiyo 1,500 zake zilinunua 920. Pointi 3 za ziada kwa kila mia ni asilimia 3, na ili zifidie 1,080 zilizobaki baada ya ile 420, ilibidi alipe taslimu kama 36,000 kwa mwaka. Alilipa 25,080. Banda lenye skrini tano lingeweza kufika. La skrini mbili halifiki.

Jambo la mwisho ni nani mwenye kalamu. Agosti duka liliongeza sharti kwamba pointi hazitumiki kwa gemu mpya katika siku 60 za kwanza. Hilo si la duka dogo tu: Nintendo waliacha kutoa Gold Points mwezi wa Machi 2025, na Sony mwaka huohuo walitangaza kwamba mpango wao wa pointi, PlayStation Stars, unafungwa. Pointi si amana, hivyo kuzilimbikiza kwa ajili ya kitu kikubwa cha baadaye ni kumwachia mwenzako aamue thamani yake.

Alivyoamua

Uanachama hakuurudisha. Kadi ya bure ameiweka, lakini haiulizi kabla ya kuuliza bei. FC 26 alinunua kwa muuzaji asiye na kadi, na FC 25 zake akaziuza kwa watu wiki ileile, moja kwa kijana wa Mambrui aliyeijaribu kwa kuisakinisha palepale bandani, kwenye mashine iliyofutwa. Mtihani huo sasa ni wa kila diski, anayonunua na anayouza. Duka bado analiendea kwa diski zilizotumika za bei kubwa, kwa ajili ya siku zile 7.

Alikuwa pia anaitazama PS5 isiyo na tundu la diski, kwa kuwa ni nafuu. Nilimkumbusha kwamba gemu ya kupakua haiuziki wala haibadilishwi, na kila Oktoba ingemlazimu alipe bei nzima bila kuuza ya zamani. Bado anafikiri.

Pointi 500 zilizobaki baada ya Julai alitaka kuzitumia kwenye FC 26, sharti la siku 60 likamzuia. Akangoja. Desemba pointi 38 za ile gemu ya ngumi zikatimiza mwaka zikafa. Zimebaki 462, na fungu la chini ni 500. Juzi duka limemtumia ujumbe mwingine: nunua kitu cha shilingi 1,300 tu, ufungue pointi zako. Kanionyesha akicheka, akaufuta.